Cherehani nyeusi ya pedali inauzwa: ilivyo, inakuja na nini, na jinsi ya kuijaribu

Tuna cherehani moja iliyotumika ambayo sasa iko tayari kuondoka karakanani. Tungeweza kuandika kwamba iko katika hali nzuri tukaishia hapo, lakini maneno hayo hayampi mnunuzi chochote cha kushika. Hali nzuri kwa mtu anayeshona mapazia si hali nzuri kwa anayepunguza suruali za jinzi kutwa. Kwa hiyo hapa tunaeleza ilikuja na ugonjwa gani, tuliutibu vipi, leo inashona nini na inashindwa nini, halafu tunaeleza namna ya kuijaribu wewe mwenyewe, kwa mikono yako na kitambaa chako.

Ni cherehani ya miguu, kichwa cha chuma cheusi, meza ya mbao na stendi ya chuma. Nembo iliyokuwa imechorwa kwenye kichwa imefutika kwa kusuguliwa na vitambaa vya miaka mingi, kwa hiyo hatutakutajia jina la kiwanda. Umbo lake hata hivyo halina shaka. Ni la daraja la 15, mtindo ulioanzia kwenye mashine za Singer na baada ya Vita Kuu ya Pili ukanakiliwa na viwanda vingi, hasa vya Japani. Utaitambua kwa mambo mawili: tensheni ya uzi wa juu iko kwenye uso wa upande wa kushoto, na bobini inaingizwa ikiwa ndani ya kasha lake kutoka upande huohuo wa kushoto, chini ya sahani ya sindano. Tunalitaja umbo kwa sababu ndilo linaloamua kama utapata vipuri. Sindano zake ni zile za kawaida za nyumbani zenye upande mmoja bapa, zinazoandikwa 130/705H au HAx1 kwenye pakiti, na bobini zake ni za daraja la 15, zinazopatikana popote panapouzwa vifaa vya kushonea.

Inashona mshono mmoja tu, ulionyooka, kwenda mbele na kurudi nyuma. Haina zigizagi. Haishoni matundu ya vifungo. Ukitaka kushona fulana au kitambaa chochote kinachovutika, hii siyo mashine yako, maana mshono ulionyooka hukatika kitambaa kikivutwa, hata tensheni ikiwa sawa kabisa. Tunalisema mapema kwa kuwa kosa hili huonekana baada ya wiki moja, nguo ikiwa tayari mwilini mwa mtu.

Ilikuja ikiruka mishono

Mwenye cherehani alituletea akiwa amekata tamaa. Alisema kwenye pamba nyepesi inashona bila shida, lakini akiweka jinzi, kila baada ya sentimita chache mshono mmoja unaruka, na uzi wa juu unabaki umelala juu ya kitambaa bila kushikwa. Alikuwa amebadilisha uzi mara tatu, amekaza tensheni mpaka ikagoma, na mtu mmoja alikuwa amemshauri auze kichwa kwa kilo kama chuma chakavu.

Kuruka kwa mishono karibu siku zote ni habari ya chini, pale uzi wa juu unapotakiwa kudakwa. Chini ya sahani ya sindano kuna shato, kile chuma cha mviringo chenye ncha kali ambacho hakizunguki mzunguko mzima bali huyumba kwenda na kurudi. Sindano ikishuka hadi mwisho kisha ikaanza kupanda, uzi wake hulegea kidogo na kutengeneza kitanzi kidogo pembeni ya tundu. Ncha ya shato inapaswa kupita ndani ya kitanzi hicho. Ikikikosa, hakuna mshono. Kila kitu kinategemea nafasi ndogo sana: sindano ikiwa imepanda milimita 2 hadi 2.5 kutoka chini kabisa, ncha iwe inapita nyuma yake, juu kidogo ya tundu.

Tulianza na sindano, kama inavyopasa. Tuliilaza kwenye kioo, ubapa wake chini, tukatazama kama mwanga unapita sawasawa chini yake. Ilikuwa imepinda. Tukaweka mpya, nambari 100/16 kwa ajili ya jinzi, tukasukuma mpaka ikagonga juu ya tundu lake, ubapa ukielekea kulia. Mishono iliyoruka ikapungua, lakini haikuisha. Wengi huishia hapa na kuuza, kwa sababu kwenye kipande kifupi cha majaribio tatizo halionekani tena.

Tulitoa kasha la bobini, tukafungua kifuniko cha pembeni na kuzungusha gurudumu kwa mkono, polepole, tukiwa tumewasha tochi. Ncha ya shato ilikuwa inapita sambamba na tundu la sindano badala ya juu yake. Maana yake sindano ilikuwa juu mno. Tulipofungua bamba la usoni jibu lilikuwa limeandikwa kwenye chuma chenyewe. Fimbo inayobeba sindano ilikuwa na pete nyembamba ya mafuta yaliyogandiana, mahali ilipokuwa imeshikwa na kibano chake kwa miaka, na pete hiyo sasa ilikuwa imehama kwenye kibano kwa kama milimita moja. Skrubu ya kibano ilikuwa imelegea. Siku fulani sindano iligonga kitu kigumu, pengine zipu au mshono mnene, ikapinda, na fimbo ikasukumwa juu. Baada ya hapo kitambaa chepesi kiliendelea kusamehe, kwa kuwa uzi unapata nafasi ya kutengeneza kitanzi kikubwa. Jinzi huubana uzi, na tena hunyanyuka pamoja na sindano inapopanda, kwa hiyo kitanzi kinakuwa kidogo na ncha inakikosa.

Tuliirudisha fimbo mahali pake, tukakaza skrubu, tukahakikisha kwa kuzungusha kwa mkono kwamba ncha inapita pale inapotakiwa. Kwenye ncha ya shato yenyewe kulikuwa na kikwaruzo kidogo cha sindano iliyopinda. Ukikigusa kwa ukucha ulikuwa unakihisi. Tulikilainisha kwa msasa laini kabisa kidogo kidogo bila kufupisha ncha, kwa sababu ncha ikifupishwa hakuna wa kuirefusha.

Kisha tukashona mita 3 za jinzi, tabaka nne, mshono wa milimita 3. Hiyo ni mishono 1,000. Tuliukagua mstari wote kwa jicho, mbele na nyuma ya kitambaa, hatukuona uliorukwa. Kipande hicho tumekihifadhi kwenye droo ya meza hiihii na kinakwenda na mashine.

Mengine tuliyoyagusa, na yale tuliyoyaacha

Mafuta ya zamani yalikuwa yamegeuka gundi ya kahawia. Inatokea pale mtu anapotumia mafuta ya kupikia kwa kukosa mengine: mwanzoni mashine inalainika, baada ya miezi inakuwa nzito kuliko ilivyokuwa. Tuliyayeyusha kwa mafuta ya taa, tukazungusha, tukafuta, tukarudia mpaka kitambaa kikatoka safi, ndipo tukatia mafuta mepesi ya cherehani kila tundu. Sasa ukiutoa mkanda na kuzungusha gurudumu kwa kidole kimoja, linaenda duara zima bila mahali pazito.

Springi ndogo ya kurudisha uzi, ile iliyo kwenye tensheni, ilikuwa imekatika. Tumeweka mpya. Mkanda wa ngozi pia ni mpya, na kipira cha kuzungushia bobini kilikuwa kimekauka na kupasuka, tumekibadilisha.

Sasa yale ambayo hayakupona. Kurudi nyuma ni kufupi kidogo kuliko kwenda mbele. Tumepima: mkono wa urefu wa mshono ukiwa mahali pamoja, mishono 10 ya kwenda mbele inachukua milimita 25, na 10 ya kurudi inachukua milimita 22. Kwa kufunga mwanzo na mwisho wa mshono haisumbui kabisa, lakini usitegemee kurudi ndani ya matundu yaleyale. Tungeweza kuchezea mpangilio wake wa ndani, ila kwenye mashine ya umri huu mara nyingi unapunguza kosa upande mmoja na kuliongeza upande wa pili, na kwenda mbele ndiko kunakofanya kazi asilimia kubwa ya siku.

Meno yanayosukuma kitambaa yamelika kidogo katika safu ya kulia. Ukipitisha kidole unahisi bado yana makali, lakini siyo kama safu ya kushoto. Kwenye pamba, kaki na jinzi kitambaa kinakwenda moja kwa moja. Kwenye satini inayoteleza tuliona kitambaa kinavutwa kushoto kidogo kama hukishiki, na hilo tunataka ulione mwenyewe kama satini ni sehemu ya kazi yako. Meno mapya yanapatikana na yanabadilishwa kwa skrubu mbili. Tumeacha uamuzi kwa mnunuzi kwa sababu wengi hawatahitaji.

Meza ina alama ya maji kwenye kona ya kulia, na mbao ya juu imeinuka pale kwa unene wa karatasi mbili tatu. Haigusi kichwa wala mkanda. Rangi nyeusi imechubuka mbele ya kitanda cha mashine, pale mikono ya mshonaji inapolala.

Vinavyokuja nayo

Kasha la bobini moja, na bobini tano za chuma. Tulipata bobini nane kwenye droo, lakini tatu tumezitoa. Kwa macho zinafanana na nyingine, kipenyo kilekile, ila pande zake zimevimba kidogo nje badala ya kuwa bapa. Hizo ni za daraja jingine. Zinaingia kwenye kasha, zinazunguka, halafu zinaanza kukwama bila mpangilio, na mwenye mashine anaihangaikia tensheni siku nzima. Ukinunua za kuongezea, chukua bobini yako mojawapo ukazilinganishe, upana na ubapa, usiangalie duara peke yake.

Kuna kikandamizi cha kawaida kilichofungwa, cha kushonea zipu, na kimoja cha kupinda pindo jembamba. Vyote ni vya shina fupi, kwa hiyo vingine vya shina fupi utakavyonunua baadaye vitaingia. Kile cha pindo kimepinda kidogo kwenye ulimi wake. Kinafanya kazi kwenye kitambaa chepesi, kwenye kaki hakiwezi. Bisibisi mbili, kubwa na ndogo, ndogo ikiwa ya skrubu ya kasha la bobini. Kichupa cha mafuta ya cherehani. Pakiti moja ya sindano 90/14 haijafunguliwa. Mkanda wa zamani tumeuacha pia kama akiba. Ni mfupi kidogo lakini utakuokoa siku moja.

Havipo: ufunguo wa droo, kitabu cha maelekezo, na kifuniko cha kichwa. Mota haipo na haijawahi kuwekwa. Gurudumu lake lina mfereji unaokubali mkanda wa mota, lakini hatujajaribu, kwa hiyo hatuliahidi.

Njoo uijaribu

Hatuuzi cherehani kwa mtu ambaye hajaikalia. Tunamwomba kila anayekuja akae, akanyage, ashone, aharibu, ashone tena. Nusu saa inatosha, na hakuna atakayesimama nyuma ya bega lako isipokuwa ukituita.

Leta kitambaa unachokishona siku nyingi, siyo kile kizuri. Kama kazi yako ni sare za shule, lete kaki na tetroni. Kama ni mapazia, lete pazia. Vipande viwili virefu kama mkono vinatosha. Leta pia uzi wako wa rangi mbili, mmoja mwekundu na mwingine mweusi kwa mfano, unene uleule na aina ileile. Mmoja utauweka juu, mwingine kwenye bobini. Ukishona kwa rangi moja pande zote, makosa ya tensheni yanajificha. Rangi mbili zinayaanika.

Kabla hujaweka uzi wowote, toa mkanda na zungusha gurudumu kuelekea upande wako. Sikiliza. Mlio wa cherehani hii ni wa kugonga kwa utaratibu, tak tak tak, wenye nafasi sawa. Mkwaruzo wa chuma kwa chuma ni habari mbaya kwenye mashine yoyote. Shika fimbo ya sindano uitikise kushoto na kulia. Utahisi mchezo mdogo sana, na ni huo tu. Mashine ambayo fimbo yake inacheza waziwazi imelika mahali ambapo si rahisi kutengenezeka, hiyo iache hata kama imepakwa rangi mpya.

Rudisha mkanda, kisha chukua karatasi yenye mistari na ushone juu ya mstari bila uzi. Tumeweka sindano ya zamani kwa ajili ya hili, maana karatasi hutia ubutu. Matundu yakifuata mstari bila wewe kuisukuma karatasi, meno yanavuta sawa pande zote. Nusu ya ukurasa ukifika, inua mkono wa urefu wa mshono urudi nyuma. Hapo utauona ule upungufu wa milimita 3 tuliousema. Pima kwa rula kama unataka, rula iko mezani.

Wasiozoea pedali wanakwama mahali pamoja. Gurudumu lazima lizunguke kuja upande wako. Ukianza kwa kukanyaga tu bila kulielekeza kwa mkono, mara nyingi linaenda kinyume, uzi unakatika au unajikusanya chini, na mashine inalaumiwa. Weka mkono wa kulia kwenye gurudumu, livute kuja kwako, na miguu ifuate mwendo. Kama hujawahi kukanyaga, fanya hivyo kwa dakika tano bila uzi, kikandamizi kikiwa juu. Pia kuna nobu katikati ya gurudumu: ukiilegeza, gurudumu linazunguka bila sindano, ndivyo bobini inavyojazwa. Ukisahau kuikaza tena, sindano haitacheza hata ukanyage vipi.

Sasa weka uzi. Kikandamizi kiwe juu unapopitisha uzi kwenye tensheni, kwa kuwa kikiwa chini visahani vya tensheni vimebana na uzi unabaki nje yake. Sindano ya mashine hii inaingizwa uzi kutoka kushoto kwenda kulia. Ukizoea mashine zinazoingizwa uzi kutoka mbele utasahau, na ukiupitisha kinyume itaruka mishono papo hapo kama ilivyokuwa siku ilipoletwa. Kasha la bobini lijaribu kabla ya kuliingiza: lining'inize kwa uzi wake. Likianguka mpaka chini lenyewe, limelegea. Likikataa kushuka hata ukilitikisa, limekazwa mno. Tulivyoliacha linabaki linaning'inia, ukilitikisa kidogo linashuka vidole viwili vitatu na kusimama.

Shika ncha za nyuzi zote mbili nyuma ya kikandamizi kwa mishono mitatu ya kwanza, kisha achia. Shona mstari mmoja mrefu kwenye tabaka mbili za kitambaa chako, kata, geuza. Juu unapaswa kuona mwekundu tu, chini mweusi tu, na mahali nyuzi zinapokutana pawe pamejificha katikati ya tabaka. Ukiona vitone vyeusi juu, uzi wa juu umekazwa mno, legeza nobu ya tensheni kidogo na kikandamizi kikiwa chini. Ukiona mwekundu umelala chini kama kamba au umefanya vitanzi, uzi wa juu umelegea, au haujaingia vizuri kati ya visahani, na hilo la pili ndilo la kwanza kuangalia. Ukiona vitanzi kama hivyo usianze na kasha la bobini. Watu wengi hufungua skrubu yake ndogo, na ikishapotea kwenye sakafu kazi inasimama.

Jaribio la mwisho ni pindo la suruali ya jinzi. Kunja mara mbili na uvuke pale mshono wa pembeni ulipo, ambapo tabaka zinaongezeka ghafla. Kwenye tabaka nne itapita kwa pedali bila kusita. Pale mshono unapovuka, unene unapofika tabaka nane au zaidi, kikandamizi kinainama nyuma, mishono inafupika na sindano inaweza kugota. Sisi hapo tunaacha kukanyaga na kuzungusha gurudumu kwa mkono mishono minne mitano, na tunaweka kipande cha kitambaa kilichokunjwa nyuma ya kikandamizi ili kikae usawa. Ikivuka, unaendelea kukanyaga. Mtu anayefanya kazi hiyo mara kumi kwa siku ataichoka, na tutamwambia asubiri mashine nzito zaidi. Anayefanya mara moja kwa wiki hatapata shida.

Ukiona kitu wakati wa majaribio ambacho hatukukitaja hapa, tuite. Kama ni mpangilio, tutaurekebisha mbele yako na utajaribu upya. Kama ni uchakavu, tutauongeza kwenye maelezo ya mashine, hata kama utaondoka bila kununua, ili anayefuata aukute umeandikwa.

Ukiichukua, tunakata mstari wako wa mwisho wa majaribio katikati: nusu unaondoka nayo, nusu inabaki kwetu pamoja na alama za mahali tensheni na urefu wa mshono vilipokuwa. Mashine ikisafirishwa, kichwa tunakitoa mezani na kukifunga peke yake, kikandamizi kikiwa kimeshushwa juu ya kitambaa na sindano imetolewa. Ukifika na ukaona inashona tofauti na nusu uliyonayo, lete nusu hiyo na kipande kipya, tuvilinganishe na chetu. Mara nyingi ni uzi uliotoka kwenye visahani njiani, au mkanda uliolegea. Kama fimbo ya sindano imehama tena, hiyo ni kazi yetu na tutaifanya.

Tupigie kabla ya kuja ili tuhakikishe hakuna mwingine anayeijaribu saa hiyo, na utuambie unashona nini, tukuwekee sindano ya nambari inayofaa kabla hujafika.